Kuigeuza Shajara ya Pichani Kuwa Orodha ya Vizazi



Aghlabu siku hizi shajara ya nasaba humfikia mtu kwa njia ya simu: jamaa aliyekwenda Maskati, au Lamu, au Hamburg, ameiona imetundikwa ukutani katika nyumba ya wazee, akaipiga picha na kuwapelekea ndugu zake waliobaki mbali. Picha hiyo hupokewa kwa furaha, kisha ikakaa. Kwani majina ni madogo mno kusomeka kwa mtu aliyevaa miwani, mistari imepishana, na anayetaka kujua bibi yake aliolewa mwaka gani hana budi kuivuta picha huku na huko mpaka akapoteza pale alipoanzia. Dawa yake ni kuyahamisha yote yaliyomo na kuyapanga kwa orodha ya vizazi, ambamo kila mtu huwa na mstari wake, watoto wakaandikwa chini ya mzazi wao na kusogezwa ndani kidogo, wajukuu wakasogezwa ndani zaidi, na kando ya kila jina zikawekwa tarehe za kuzaliwa na za ndoa. Kazi hiyo ndiyo niliyokusudia kuieleza, na muradi wangu mzima ni mmoja: mahali pa mtu katika orodha huamuliwa na mstari unaompandisha kwa mzazi wake, tarehe ni shahidi wa kutuuliza maswali, na jawabu la mwisho hutoka katika wino wenyewe.

Ili maneno yasibaki hewani, nitachukua matawi matatu ya ukoo unaojulikana na kila msomaji wa tarehe ya pwani yetu, yaani kizazi cha Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, aliyezaliwa mwaka 1791 na kufariki baharini mwaka 1856. Tawi la kwanza ni la mwanawe Thuwaini, aliyerithi utawala wa Oman. La pili ni la mwanawe Mohammed. Na la tatu ni la binti yake Salme, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden na mfanyabiashara wa Kijerumani Heinrich Ruete, na kujulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete. Nimeyachagua matawi haya kwa sababu ndani yake mna karibu kila tatizo litakalomkuta mwenye picha ya ukoo wake mwenyewe: majina yaliyorudiwa, binamu waliooana, tarehe za kalenda mbili, na watu waliohamia lugha nyingine.

Tuanze na picha yenyewe, maana kosa lililoingia pichani haliondoki kwa bidii ya msomaji. Shajara iliyo nyuma ya kioo haifai kupigwa kwa mwanga wa kamera, kwa kuwa mwanga huo hurudi katika kioo na kuacha doa jeupe juu ya majina, na mara nyingi doa hilo huangukia katikati, pale ambapo mistari ya vizazi vya mwanzo imesongamana. Isogezwe karibu na dirisha lisilopigwa na jua, ipigwe kwa mwanga wa kando, na simu ishikwe sambamba na karatasi ili upande mmoja usiwe mpana kuliko wa pili. Ipigwe kwanza nzima, kisha ipigwe vipande vipande kwa karibu, na kila kipande kichukue sehemu ya kipande jirani, kiasi cha theluthi moja hivi, ili mstari unaotoka katika picha moja upate kutambulikana unapoingia katika nyingine. Ile picha nzima itatuonyesha mistari, na vile vipande vitatuonyesha herufi. Anayetegemea moja tu kati ya hizo atajikuta ama anayasoma majina asijue ni watoto wa nani, ama anaijua mistari asiweze kuyasoma majina.

Baada ya hapo, jambo la kwanza si kuandika majina. La kwanza ni kufuata mistari. Ichapishwe picha nzima katika karatasi, au ifunguliwe katika kompyuta, na kila mtu aliyemo apewe alama ndogo ya muda, moja, mbili, tatu, bila ya kujali ni wa kizazi gani. Kisha tuanze chini kabisa, kwa wadogo, na kumpandisha kila mmoja kwa kidole mpaka kwa mzazi wake. Nasema tuanze chini kwa sababu mtu ana mstari mmoja tu unaompandisha, lakini huenda ana kumi inayoteremka, na ni rahisi kupotea anayeteremka kuliko anayepanda. Walioingia ukooni kwa ndoa hawana mstari wa kupanda. Hao tuwape alama nyingine, kwani katika orodha hawatapewa namba, bali wataandikwa katika mstari ule ule wa mwenzi wao. Kadhalika tuangalie upande ambao shajara inaanzia: iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu huwapanga ndugu kutoka kulia kwenda kushoto, na iliyoandikwa kwa Kilatini huwapanga kutoka kushoto, hivyo basi anayeisahau tofauti hiyo atamfanya kitinda mimba kuwa mwanambee.

Hapa pana kipimo chepesi cha kujua kama tumefuata sawasawa. Katika mti wa babu mmoja, kila mtu wa damu isipokuwa babu mwenyewe ana mstari mmoja wa kumpandisha. Kwa hiyo mistari ya uzazi lazima ipungue kwa mmoja tu kuliko idadi ya watu. Katika matawi yetu matatu nitawataja watu wa damu 15, na mistari ya kupanda ni 14. Tukipata 13, basi yuko mtu ananing'inia bila ya mzazi. Na tukipata 15, basi yuko mmoja aliyefungwa kwa wazazi wawili, au mstari wa ndoa umehesabiwa kuwa ni mstari wa uzazi.

Kipimo cha pili tumekirithi katika desturi yetu ya kuita majina. Khalifa bin Harub, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1911 mpaka 1960, jina lake kwa ukamilifu ni Khalifa bin Harub bin Thuwaini bin Said. Hesabu neno "bin" mpaka kumfikia babu wa mti, nawe utapata matatu, na maana yake ni kwamba yeye amesogea ndani hatua tatu, yaani ni wa kizazi cha nne ikiwa Said ndiye wa kwanza. Hamoud bin Mohammed bin Said ana mawili, basi ni wa kizazi cha tatu. Ikiwa orodha yako imemweka mtu mahali pasipolingana na jina lake, rudi katika picha kabla ya kuendelea. Na kipimo hiki kina faida kubwa zaidi pale ambapo mchoraji, kwa kubana nafasi, ameandika jina la kwanza peke yake: maana katika ukoo huu huu walitawala Unguja Khalifa wawili, mmoja ni Khalifa bin Said, mwana wa babu mwenyewe, na wa pili ni huyu Khalifa bin Harub, kitukuu chake; na walitawala Ali wawili, Ali bin Said na Ali bin Hamoud. Anayehamisha "Khalifa" na "Ali" kama walivyoandikwa, bila ya kuwajazia baba zao kutoka katika mistari, atakuwa amewaandalia wasomaji wake mtego.

Lakini jina halitufikishi kila mahali. Watoto wa Salme walizaliwa katika desturi ya Kijerumani, wakachukua jina la ukoo la baba yao, na kwao hakuna "bin" ya kuhesabu. Hapo mtu huvutwa kukisia kizazi kwa umri, na huko ndiko kwenye hatari. Rudolph, mwana wa Salme, alizaliwa tarehe 13 Aprili 1869. Khalifa bin Harub alizaliwa tarehe 26 Agosti 1879. Miaka kumi tu imewatenga, na mchoraji aliyepanga watu kwa miaka angewaweka safu moja. Walakini Rudolph ni mjukuu wa Said na Khalifa ni kitukuu, hivyo Rudolph ni binamu wa Harub, naye kwa Khalifa ni mfano wa ami. Upande wa pili, binti wa Rudolph alizaliwa mwaka 1910, miaka 31 baada ya Khalifa, nao wawili ni wa kizazi kimoja. Babu aliyezaa kwa muda mrefu na kwa mama wengi huwaacha wajukuu wanaopishana kwa umri wa mtu mzima, na safu za kuchora haziwezi kuonyesha hilo bila ya kupindika. Orodha huweza, kwa kuwa haina safu. Ina kina tu.

Sasa tuandike. Kila kizazi kisogezwe ndani kwa kipimo kile kile, na kila mtu apewe namba inayobeba namba ya mzazi wake: babu ni 1, watoto wake ni 1.1 na 1.2 na 1.3, na mtoto wa pili wa yule wa tatu ni 1.3.2. Utaratibu huu wa nukta uliwekwa na Mfaransa Jacques d'Aboville mwaka 1940, na fadhila yake ni kwamba hata karatasi ikipoteza nafasi zake kwa kunakiliwa vibaya, au ikisomwa kwa sauti kama nitakavyoisoma sasa, msikilizaji hupata kujua nani ni mtoto wa nani. Katika orodha yangu z. ni kuzaliwa, n. ni ndoa, na f. ni kufariki. Namba za watoto wa Said hapa ni za matawi haya matatu tu, wala si daraja yao kwa umri miongoni mwa watoto wake wote, ambao walikuwa wengi. Nitasoma taratibu ili mwenye kalamu apate kuandika.

```
1 Said bin Sultan, z. 1791, f. 1856
  1.1 Thuwaini bin Said, f. 1866
    1.1.1 Harub bin Thuwaini
      1.1.1.1 Khalifa bin Harub, z. 26-8-1879,
              n. 1900 Matuka (tazama 1.2.1.2), f. 1960
  1.2 Mohammed bin Said
    1.2.1 Hamoud bin Mohammed, f. 1902
      1.2.1.1 Ali bin Hamoud, z. 1884, f. 1918
      1.2.1.2 Matuka bint Hamoud,
              n. 1900 Khalifa (tazama 1.1.1.1)
  1.3 Salme bint Said (Emily Ruete), z. 30-8-1844,
      n. 30-5-1867 Heinrich Ruete, f. 1924
    1.3.1 Heinrich, z. 12-1866, f. 1867
    1.3.2 Antonie, z. 25-3-1868, n. 1898 Eugen Brandeis
    1.3.3 Rudolph, z. 13-4-1869,
          n. 1901 Maria Theresa Matthias
      1.3.3.1 Werner, z. 1902
      1.3.3.2 Salme, z. 1910
    1.3.4 Rosalie, z. 16-4-1870, n. Martin Troemer
```

Mmesikia kwamba Matuka bint Hamoud ametajwa mara mbili. Katika mchoro yeye na Khalifa wamesimama katika matawi mawili yaliyo mbali, na mstari wa ndoa yao umekata karatasi kutoka upande mmoja mpaka wa pili, ukapita juu ya majina ya watu wasiohusika. Wote wawili ni vitukuu vya Said, mmoja kwa njia ya Thuwaini na wa pili kwa njia ya Mohammed. Orodha haiwezi kumweka mtu mmoja kamili katika matawi mawili, na anayejaribu kumwandika Matuka kamili katika kila mahali atajikuta na wanawake wawili: miaka ikipita, mtu mwingine ataongeza tarehe katika mahali pamoja na kuusahau mwingine. Kanuni ni hii: kila mtu wa damu ana mahali pamoja tu penye tarehe zake, napo ni chini ya mzazi wake; katika mstari wa mumewe au mkewe huandikwa jina lake na namba ya kumrejea, basi. Mwaka wa ndoa huandikwa pande zote mbili, kwa kuwa ndoa ni yao wote, na kwa sababu miaka hiyo miwili ikitofautiana tutajua kwamba mmoja umenakiliwa vibaya. Watoto wa ndoa ya namna hii huandikwa mara moja, kwa baba, kama ilivyo desturi ya nasaba yetu, na kwa mama huwekwa marejeo tu. Katika koo zetu za pwani, ambamo kuoana binamu ni jambo la kila siku, marejeo haya yatajaa, wala mtu asiyaone kuwa ni uchafu. Ndiyo mistari mirefu ya mchoro iliyopata mahali pa kukaa.

Yanafanana na hayo mambo ya mama. Said alizaa na mama wengi, na orodha iliyopangwa kwa baba huwaweka watoto wote sawa chini yake. Ikiwa shajara imemtaja mama, jina lake liandikwe katika mstari wa mtoto, kama vile tungeliandika kwamba mama yake Salme ni Jilfidan, Mcherkesi. Tusimfanye mama kuwa ngazi ya kati yenye namba, kwani ngazi hiyo ingewasogeza watoto wake ndani hatua moja na kuwaonyesha kuwa ni kizazi cha chini kuliko ndugu zao.

Nije sasa katika tarehe, ambako ndiko kwenye kazi ya kweli. Shajara za Kijerumani hazina desturi ya kuandika neno "alizaliwa" au "alioa". Huweka kinyota mbele ya tarehe ya kuzaliwa, pete mbili zilizoshikana mbele ya tarehe ya ndoa, na msalaba mdogo mbele ya tarehe ya kufariki. Katika picha isiyo safi zile pete mbili hufanana kabisa na tarakimu ya nane iliyolala, na mara nyingine huonekana kama nane iliyosimama, hata mwaka 1867 ukaonekana kuwa na tarakimu tano. Ukiona mwaka wenye tarakimu tano usiikate moja kwa kukisia. Jua kwamba ya kwanza yaelekea ni alama ya ndoa. Halafu Wajerumani wengi huandika moja kwa kuanza na mkwaju mrefu wa kupanda, hata kwa jicho lililozoea mkono mwingine ikawa ni saba.

Tuchukue ndoa ya Rudolph. Tuseme mwaka wake pichani unaweza kusomeka 1901 au 1907. Tarehe zinatoa ushahidi: mwanawe Werner alizaliwa 1902, basi 1907 ingemfanya azaliwe miaka mitano kabla ya ndoa ya wazazi wake. Wengi wangesimama hapo na kuandika 1901. Mimi naomba twende hatua moja zaidi, turudi katika kile kipande cha karibu, tuikuze ile tarakimu ya mwisho, na kuilinganisha na saba nyingine ya mkono ule ule, kwa mfano ile iliyomo katika 1867. Saba ya Kijerumani aghlabu hukatwa kiunoni kwa kijistari. Kama ile ya 1867 imekatwa na hii haikukatwa, basi hii ni moja, na sasa tumeandika 1901 kwa yakini iliyotoka katika wino.

Kwa nini nisisitize hatua hiyo ya ziada? Kwa sababu ya mtoto wa kwanza wa Salme. Yeye alizaliwa Aden mwezi Desemba 1866, na ndoa ya wazazi wake ni ya tarehe 30 Mei 1867, siku ile ile aliyobatizwa mama yake. Yule aliyezoea kusahihisha kwa kukisia, kwa hoja ile ile iliyomfaa katika habari ya Rudolph, angesema kwamba mwaka huo umekosewa, akaandika Desemba 1867. Na angalia lililo baya zaidi: Antonie alizaliwa tarehe 25 Machi 1868, miezi mitatu tu baada ya Desemba hiyo ya kubuni, jambo lisilowezekana kwa mama mmoja, hivyo mrekebishaji angelazimika kuibadili tarehe ya Antonie pia, na baada yake ya Rudolph, mpaka orodha nzima ikawa ni ya kutungwa. Ilhali kweli ni kwamba tarehe zote ni sahihi. Salme aliondoka Unguja Agosti 1866 akiwa mjamzito, akamsubiri Heinrich huko Aden, wakaoana alipofika, na mtoto yule akafariki safarini nchini Ufaransa kiangazi cha 1867, wazazi wake wakiwa njiani kwenda Hamburg. Orodha isione haya mahali ambapo tarehe haikuona. Tarehe zinapogombana, ugomvi wao ni sababu ya kurudi pichani, wala haujawa bado ni hukumu.

Mtoto huyu ana somo jingine. Waliofariki wachanga mara nyingi hawamo katika shajara za ukutani, na huja kujulikana baadaye kwa barua au kwa mdomo wa mzee. Lau tungelikuwa tumempa Antonie namba 1.3.1, kisha tukapata habari za kaka yake, tungelazimika kubadili namba za ndugu wote na za watoto wao, na kila marejeo ya "tazama" yangeelekeza kwa mtu asiyekusudiwa. Kwa ajili hiyo namba ziwekwe mwisho kabisa, baada ya majina, mistari na tarehe kuthibitika. Kabla ya hapo tutumie zile alama za muda tulizozitia pichani.

Liko pia suala la kalenda. Shajara nyingi za kwetu zimeandikwa kwa Hijria na kwa tarakimu za Kiarabu, ambazo kwa aliyezoea za Kizungu zina mitego yake: tano ni duara linalofanana na sifuri, sita inafanana na saba, na sifuri yenyewe ni nukta tu, ambayo picha hafifu huifuta isionekane. Mwaka 1260 uliopoteza nukta yake utaonekana kama 126; tukipata mwaka wa tarakimu tatu katika karne zetu hizi, tuitafute nukta. Kisha mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, na kwa hivyo hauanzi mahali pamoja na mwaka wa Miladi. Sayyid Said alifariki Oktoba 1856, katika mwaka 1273 wa Hijria; walakini mwaka huo wa 1273 ulianza Septemba 1856 na kuendelea mpaka Agosti 1857, kwa hiyo mtu aliyekuta "1273" peke yake pichani, bila ya mwezi, hana haki ya kuandika 1856. Aandike "1273 H (1856/57)", aiache tarehe ya asili mbele na tafsiri yake mabanoni, ili atakayekuja na ushahidi wa mwezi apate kuikamilisha. Aliyeuandika mwaka wa Miladi peke yake ameutupa ushahidi na kubaki na hesabu yake mwenyewe.

Na kwa yale yasiyosomeka kabisa, au ambayo hayakuandikwa, kanuni ni nyepesi ingawa kuifuata kuna uzito. Mmeona kwamba kwa Harub sikuandika tarehe, na kwa ndoa ya Rosalie na Martin Troemer nimeweka jina la mume bila ya mwaka. Tarakimu isiyosomeka iandikwe alama ya kuuliza mahali pake hasa, "18?4", si "karibu 1884", kwani "karibu" humwambia msomaji kwamba tuna habari isiyo kamili juu ya mtu, ilhali tuna habari isiyo kamili juu ya karatasi, na mwenye karatasi yenyewe anaweza kuitazama kwa dakika moja na kutupa jawabu. Nafasi tupu nazo ziachwe tupu. Orodha yenye mapengo yaliyo dhahiri humwelekeza jamaa aulize nini atakapomtembelea bibi. Iliyojazwa kwa kukisia humwambia kwamba hakuna la kuulizwa.

Wasikilizaji, baada ya yote hayo inabaki mizani ya mwisho, nayo ninaipendelea kuliko nyingine zote. Mpe orodha yako mtu ambaye hakuiona picha, umwombe aichore upya kuwa mti: kila namba iwe jina, kila hatua ya ndani iwe mstari wa kuteremka, na kila "tazama" iwe mstari wa ndoa unaokata karatasi. Kisha iweke michoro miwili ubavu kwa ubavu. Usitazame uzuri wala nafasi; tazama mambo mawili tu. Je, kila mtu amepanda kwa mzazi yule yule? Je, mistari ya ndoa za binamu ni mingapi, nayo imewaunganisha watu wale wale? Katika mfano wetu lazima uone mmoja, wa Khalifa na Matuka. Ikiwa mchoraji wako ameuchora, marejeo yako yanafanya kazi. Ikiwa amekuja na Matuka wawili wasiojuana, umeandika mtu mmoja mara mbili, na ni afadhali ulijue hilo leo, picha ingali mkononi na mwenye karatasi yenyewe angali hai wa kuulizwa.